Kupanga Umri katika Makundi kwa LOOKUP: Jedwali la Vizingiti na Orodha ya Kaya

Mwongozo huu unatokana na kazi moja mahususi: orodha ya watu 412 wa kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara, iliyochukuliwa nyumba kwa nyumba mwezi Julai 2025 na kuingizwa katika Excel. Kila mtu ana mstari wake. Safu A ina namba ya kaya, safu B ina jina, safu C ina jinsi, na safu D ina umri. Kilichotakiwa ni safu E, ambayo ingemweka kila mtu katika kundi lake la umri, ili mtendaji wa kijiji aweze kupeleka kwenye kata hesabu ya makundi matano: watoto chini ya miaka 5, wenye miaka 5 hadi 14, vijana wa miaka 15 hadi 35, watu wazima wa miaka 36 hadi 59, na wazee wa miaka 60 na kuendelea.

Wengi hulifanya jambo hili kwa kuzipachika IF moja ndani ya nyingine. Njia hiyo inafanya kazi, lakini mipaka ya umri inajificha ndani ya fomula ndefu ambayo mtu mwingine hawezi kuisoma kwa urahisi, na mpaka mmoja ukibadilika fomula nzima inafumuliwa. LOOKUP inaitoa mipaka hiyo nje na kuiweka katika jedwali dogo ambalo hata asiyejua fomula anaweza kulikagua kwa macho.

Hatua ya kwanza: andika vizingiti, usiandike masafa

LOOKUP haihitaji kuambiwa kundi linaishia wapi. Inahitaji kujua kundi linaanzia wapi tu. Umri mdogo kabisa unaoruhusiwa kuingia katika kundi ninauita kizingiti, kwa sababu kazi yake ni ileile ya kizingiti cha mlango: aliyekivuka yumo ndani, na atabaki humo mpaka atakapovuka kizingiti kinachofuata. Kwa hiyo fungua karatasi mpya katika kitabu kilekile cha Excel, uipe jina Makundi, na uandike jedwali hili kuanzia seli A1:

```
Kuanzia   Kundi
0         Chini ya miaka 5
5         Miaka 5 hadi 14
15        Miaka 15 hadi 35
36        Miaka 36 hadi 59
60        Miaka 60 na kuendelea
```

Safu A ya jedwali ina tarakimu tupu, bila neno «miaka» wala alama yoyote. Safu B ina majina ya makundi. Vizingiti ni lazima vipangwe kutoka kidogo kwenda kikubwa, na hili si suala la unadhifu, kama nitakavyoonyesha baadaye.

Kosa la kwanza huzaliwa hapahapa, kabla ya fomula yoyote, na chanzo chake ni lugha ya fomu kuliko kompyuta. Fomu inaposema «miaka 15 hadi 35», mwenye miaka 35 yumo ndani, kwa hiyo kizingiti cha kundi linalofuata ni 36. Nimeona zaidi ya mara moja mtu akiandika 35 katika jedwali kwa kuwa ndiyo tarakimu aliyoiona kwenye fomu, na matokeo yake kila mwenye miaka 35 akatolewa katika kundi la vijana. Kinyume chake, fomu inaposema «chini ya miaka 5», mwenye miaka 5 hayumo, na kizingiti kinachofuata ni 5 yenyewe. Maneno «hadi» na «chini ya» yanaweza kusimama mbele ya tarakimu ileile na bado yakadai vizingiti viwili tofauti.

Upande wa juu kuna mtego kama huo. «Miaka 60 na kuendelea» inaanza na 60, lakini «zaidi ya miaka 60», ikisomwa kama ilivyoandikwa, inaanza na 61. Katika mazungumzo watu huyatumia maneno hayo kana kwamba ni kitu kimoja, na hata fomu nyingine huyachanganya, kichwa kikisema hivi na maelezo ya chini yakisema vile. Ukikutana na fomu ya namna hiyo, muulize aliyeileta kabla hujaandika jedwali. Sera inaweza kukusaidia kujua kilichokusudiwa: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtaja kijana kuwa mwenye miaka 15 hadi 35. Hata hivyo, fomu iliyo mbele yako ndiyo inayotawala, kwa kuwa kila idara ina sababu zake za kuweka mipaka yake.

Jambo jingine dogo kuhusu safu B: andika majina ya makundi kwa maneno, kama nilivyofanya hapo juu. Ukiandika 5-9 katika seli ya kawaida, Excel itadhani umeandika tarehe na kuigeuza kuwa siku na mwezi, na safu E yote ya kundi hilo itajaa tarakimu za ajabu ambazo hukuzitarajia. Ukiandika <5, seli yenyewe haitaharibika, lakini COUNTIF itakapotumika baadaye kuhesabu itaisoma alama hiyo kama amri ya kutafuta namba zilizo chini ya 5, na itakurudishia sifuri. Jina «Chini ya miaka 5» halina matatizo hayo yote mawili.

Hatua ya pili: andika fomula na uiburute

Rudi kwenye karatasi ya watu, ambayo hapa inaitwa Kaya. Katika seli E2, mbele ya mtu wa kwanza, andika:

```
=LOOKUP(D2,Makundi!$A$2:$A$6,Makundi!$B$2:$B$6)
```

Fomula hii ina sehemu tatu. Ya kwanza ni umri unaotafutiwa kundi. Ya pili ni safu ya vizingiti. Ya tatu ni safu ya majina, ambayo inapaswa kuwa na idadi ya mistari iliyo sawa na ile ya vizingiti. LOOKUP inachukua umri, inatafuta kizingiti kikubwa kuliko vyote ambacho hakiuzidi umri huo, kisha inarudisha jina lililo mbele ya kizingiti hicho. Mwenye miaka 34 amekivuka kizingiti cha 15 lakini hajakifikia cha 36, hivyo anapata «Miaka 15 hadi 35». Mwenye miaka 36 kamili amekanyaga kizingiti chenyewe, naye anahesabiwa kuwa ameingia. Ikiwa kompyuta yako imepangwa kwa mkoa unaotumia mkato katika desimali, Excel itaikataa fomula mpaka uweke nuktamkato mahali pa mikato.

Kabla ya kuiburuta fomula hadi mstari wa 413, hakikisha alama za dola zipo. Alama hizo zinalifunga jedwali lisisogee wakati fomula inaposhuka. Ukizisahau, fomula ya mstari wa tatu itatazama A3 hadi A7, ikimaanisha kwamba kizingiti cha 0 kimeachwa nyuma. Ya mstari wa nne itakiacha nyuma na cha 5. Na kuendelea hivyo. Dalili yake inajulikana kwa mtazamo mmoja: #N/A inaanza kwa watoto wadogo, inapanda kwa wenye umri mkubwa zaidi kadiri unavyoshuka, na kuanzia mstari wa saba hakuna anayepata kundi, kwa sababu fomula zinatazama seli tupu chini ya jedwali. Ukiona mistari michache ya juu imejibu na yote iliyobaki imekataa, usihangaike na umri wa watu. Rudi E2, weka dola, uburute upya.

Kosa la mpangilio wa vizingiti ni baya zaidi, kwa sababu linaweza kupita kimya. LOOKUP haisomi jedwali mstari kwa mstari kutoka juu. Inaamini kuwa limepangwa, hivyo inaingia katikati, inalinganisha, kisha inaitupa nusu moja na kuendelea na nusu nyingine. Mtu aliyezoea kuwataja wazee kwanza anaweza kuandika jedwali kuanzia 60, kisha 36, 15, 5 na 0. Mpe LOOKUP jedwali hilo pamoja na mtu wa miaka 40. Itaanza katikati, kwenye 15. Itaona kuwa 15 haizidi 40. Itahitimisha kuwa jibu liko chini zaidi. Itashuka kwenye 5 na 0, ambazo nazo hazizidi 40. Na itaishia kwenye mstari wa mwisho. Baba wa miaka 40 ataandikwa «Chini ya miaka 5» bila onyo lolote. Mwenye miaka 10 yeye atapata #N/A, kwa kuwa 15 inamzidi na sehemu ya juu ya jedwali ina vizingiti vikubwa zaidi. Kwa hiyo, ukiona watu wazima wamejaa katika kundi la watoto wachanga, angalia mpangilio wa jedwali kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya tatu: hesabu, na usiamini hesabu ya kwanza

Kwenye karatasi ya Makundi, andika katika seli C2 fomula ya kuhesabu, uiburute hadi C6, kisha ujumlishe chini yake:

```
=COUNTIF(Kaya!$E$2:$E$413,B2)
```

Katika orodha yetu ya Tandahimba, majibu ya kwanza yalikuwa 50 chini ya miaka 5, 98 wa miaka 5 hadi 14, 139 vijana, 81 wa miaka 36 hadi 59, na 42 wa miaka 60 na kuendelea. Jumla ni 410, ilhali watu ni 412. Wawili waliopungua walikuwa na #N/A katika safu E, na walipatikana upesi kwa kuchuja safu hiyo. Mmoja alikuwa ameandikiwa umri «miaka 42», tarakimu na neno pamoja, na mwingine «3o», ambapo mwandishi alibonyeza herufi o mahali pa sifuri. Kwa Excel yote hayo ni maandishi, na LOOKUP haipati mahali pa kuyaweka maandishi katika safu ya namba. Hata tarakimu safi inaweza kuwa imehifadhiwa kama maandishi, hasa ikiwa imenakiliwa kutoka kwenye simu au hati nyingine. Huonekana ikiwa imejibana upande wa kushoto wa seli, mara nyingi ikiwa na pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona.

Kama ningeishia hapo, ningewarekebisha wawili hao na kupeleka taarifa yenye jumla ya 412, na taarifa hiyo ingekuwa na makosa. LOOKUP hupiga kelele inapokutana na maandishi, lakini kwenye ncha mbili za jedwali haina kelele kabisa.

Ncha ya chini ni seli tupu. Seli ya umri isiyo na kitu inasomwa kama 0, na 0 ni umri halali wa mtoto aliyezaliwa juzi, hivyo mtu ambaye umri wake haukuandikwa anapewa kundi la «Chini ya miaka 5». Ncha ya juu haina dari. Kizingiti cha 60 kinampokea kila aliyekivuka, awe na miaka 61 au 1,987. Namba hiyo ya pili siitaji kwa mzaha: mwandikishaji aliyechoka huandika mwaka wa kuzaliwa katika safu ya umri, na LOOKUP humweka mtu huyo miongoni mwa wazee bila wasiwasi. Katika orodha hii kulikuwa na seli tatu tupu na miaka miwili ya kuzaliwa, 1987 na 1994. Watatu wamehesabiwa kuwa watoto na wawili kuwa wazee, na hakuna hata mmoja aliyeonekana katika jumla.

Hatua ya nne: weka dari na mlinzi wa mlangoni

Tiba ya ncha ya juu ni kuongeza mstari mmoja chini ya jedwali. Katika A7 andika 111, na katika B7 andika KAGUA. Nimechagua 111 ili mzee wa miaka 110, akiwepo, asiguswe, na kila namba iliyo juu ya hapo ijitokeze yenyewe. Tiba ya seli tupu na maandishi ni kuuliza kwanza kama kilichomo ni namba kabla ya kuikabidhi LOOKUP:

```
=IF(ISNUMBER(D2),LOOKUP(D2,Makundi!$A$2:$A$7,Makundi!$B$2:$B$7),"KAGUA")
```

ISNUMBER inajibu hapana kwa seli tupu na inajibu hapana kwa maandishi, hivyo wote wanaangukia neno KAGUA. Wapo wanaopendelea IFERROR, lakini hapa haifai, kwa sababu seli tupu haileti kosa lolote la kunaswa. Hurudisha kundi, tena kundi lisilo sahihi.

Mstari huo wa KAGUA una faida nyingine ambayo niliigundua kwa bahati. Ukitaka baadaye kuongeza kizingiti, kwa mfano 18 kwa ajili ya kumtenga mtoto kama anavyotajwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni lazima mstari mpya uingizwe ndani ya jedwali ili fomula zipanuke zenyewe. Ukiuandika chini ya mstari wa mwisho, fomula haziuoni. Kwa kuwa KAGUA ndiyo inayokaa mwisho daima, kila kizingiti halali kinaingizwa juu yake, na tatizo hilo halitokei. Kumbuka tu kubadilisha na jina la kundi la jirani: ukiingiza 18, kundi la 15 haliwezi tena kuitwa «Miaka 15 hadi 35». LOOKUP hailinganishi jina na kizingiti. Itaandika ulichoandika.

Uiburute fomula mpya, uhamishie jumla C8, uburute COUNTIF hadi C7, na uhesabu tena. Sasa tulipata 47, 98, 139, 81 na 40, na KAGUA 7. Jumla ni 412. Saba hao ni wale tuliokwisha kuwataja: seli tupu tatu, miaka ya kuzaliwa miwili, na maandishi mawili.

Hatua ya tano: tafuta umri ulio sahihi kwa namba na si sahihi kwa mtu

Kuna kosa moja ambalo fomula haiwezi kulinasa, nalo ndilo lililonichukulia muda mrefu kuliko yote. Katika kaya ya 23 kulikuwa na mama wa miaka 19, na mstari uliofuata ulikuwa wa mtoto wake mwenye umri wa 8. Namba zote mbili ni halali, na LOOKUP ilimweka mtoto katika «Miaka 5 hadi 14» kama ilivyoelekezwa. Lakini mama wa miaka 19 mwenye mtoto wa miaka 8 angekuwa amejifungua akiwa na miaka 11. Mtoto alikuwa na miezi 8. Mwandikishaji aliuliza umri, akajibiwa «minane», akaandika 8.

Njia ya haraka ya kushuku jambo hili ni kuhesabu sifuri. COUNTIF ikiambiwa itafute 0 haihesabu seli tupu, kwa hiyo jibu lake linaaminika:

```
=COUNTIF(Kaya!$D$2:$D$413,0)
```

Jibu lilikuwa 0. Haiwezekani kijiji chenye watu zaidi ya 400 kikose hata mtoto mmoja ambaye hajatimiza mwaka, kwa hiyo watoto wachanga wapo, ila wameandikwa kwa miezi. Wale wenye mwezi 1 hadi miezi 4 waliangukia kundi sahihi kwa bahati tu, kwani 1 hadi 4 ni chini ya 5 iwe ni miezi au miaka. Wale wenye miezi 5 hadi 14 walipelekwa katika kundi la watoto wa shule. Na mmoja mwenye miezi 18 alihesabiwa kuwa kijana.

Hakuna fomula fupi ya kuwapata hawa. Tulipanga karatasi kwa namba ya kaya, kisha tukapitia kila kaya tukilinganisha umri wa mama na wa mtoto wake, tukiweka rangi kila tofauti ilipopungua miaka 14. Kazi hiyo ilituchukua asubuhi moja. Pale ambapo mama ni mtu mzima, kwa mfano wa miaka 30, tofauti haisemi chochote, na ilibidi tuulize kwa simu. Tuliwapata sita: watano kutoka kundi la miaka 5 hadi 14 na yule mmoja aliyeitwa kijana. Katika safu D tuliandika umri uliotimia kwa miaka kamili, yaani 0 kwa wasiofika mwaka na 1 kwa yule wa miezi 18, na fomula ikawahamisha yenyewe. Hesabu zikawa 53, 93, 138, 81, 40, na KAGUA 7.

Kwa orodha itakayoandikwa upya, dawa ni kuweka safu mbili wakati wa kuandikisha, moja ya tarakimu na moja ya kipimo chake, mwezi au mwaka.

Ilibaki wale saba. Wawili walirekebishwa mezani: 42 ikaandikwa bila neno, na 3o ikawa 30 baada ya mhusika kuulizwa. Wenye miaka ya kuzaliwa waliulizwa kama siku yao ya kuzaliwa ilikuwa imepita. Aliyezaliwa 1987 akawa na 38, na wa 1994 akawa na 31. Katika seli tatu tupu, wawili walikuwa wazee waliokataa kutaja umri kwa kuwa hawakuwa na uhakika nao, na wa tatu alikuwa mama wa miaka 33 ambaye hakuwepo nyumbani siku ya kuandikishwa. Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: 53 chini ya miaka 5, 93 wa miaka 5 hadi 14, 141 vijana, 83 wa miaka 36 hadi 59, na 42 wa miaka 60 na kuendelea. KAGUA ikabaki 0.

Msomaji makini ataona kwamba wazee ni 42, tarakimu ileile tuliyoipata katika hesabu ya kwanza. Lakini si watu walewale. Mara ya kwanza wawili kati yao walikuwa ni miaka ya kuzaliwa iliyovaa sura ya umri, na wazee wawili wa kweli walikuwa wamehesabiwa miongoni mwa watoto wachanga. Kama mtendaji angechukua orodha ya majina badala ya idadi, angempelekea huduma ya wazee mtu wa miaka 31.

Kuhusu wazee na kizingiti cha 60

Wazee wengi wa huku hawana cheti cha kuzaliwa, na umri wao hupatikana kwa kukumbushana matukio: alikuwa anatambaa wakati wa Uhuru, au alikuwa ameshaolewa wakati wa kuhamia vijijini. Umri wa namna hiyo hutajwa kwa tarakimu zinazoishia na 0 au 5. Kati ya wazee 42 wa orodha hii, 15 waliandikwa kuwa na miaka 60 kamili, ilhali wenye miaka 59 na 61 walikuwa wachache mno. Maana yake ni kwamba kizingiti kimesimama juu ya rundo la watu. Kikiwa 60, wote 15 wanaingia. Kikiwa 61, kwa kuwa fomu imesema «zaidi ya miaka 60», wote 15 wanatoka na wazee wanabaki 27. Kwa sababu hiyo, katika taarifa niliyomkabidhi mtendaji niliweka jedwali la vizingiti lenyewe pamoja na idadi, ili atakayepokea aone kuwa kundi la mwisho limeanza na 60.

Kabla ya kutuma, ikiwa unapeleka karatasi ya Kaya peke yake, nakili safu E na uibandike palepale kama thamani. Fomula zinaishi kwa kutegemea karatasi ya Makundi, na mtu akiifuta karatasi hiyo kwa kudhani ni rasimu, kila jina la kundi litageuka #REF!. Jihifadhie nakala yenye fomula, maana kata ikirudisha fomu na mipaka mipya, utakachobadilisha ni seli chache za jedwali.